Wimbo Umo Kwenye Programu, Ruhusa Haimo

"Wimbo umo humohumo kwenye programu, kila mtu anauweka kwenye video yake, na mimi nachukua sekunde 15 tu. Iweje mimi muuza sabuni ndiye niambiwe nimevunja hakimiliki?"

Kwa sababu unauza. Kampuni zenye mitandao hii zimeingia mikataba na wenye nyimbo, na mikataba hiyo inawatenganisha watu wawili: anayejiburudisha na rafiki zake, na anayetangaza bidhaa. Yule wa kwanza amelipiwa. Wa pili ameachwa ajitafutie kibali mwenyewe. Ndiyo maana ukigeuza akaunti yako ya TikTok kuwa ya biashara, nyimbo zinazovuma zinatoweka na unabakiziwa maktaba inayoitwa Commercial Music Library. Facebook na Instagram nao wana ya kwao, Sound Collection. Wengi hulichukulia hilo kama adhabu ya kufungua akaunti ya biashara, wakarudi kwenye akaunti ya kawaida ili wapate nyimbo zao. Lakini mkataba hauangalii aina ya akaunti pekee. Video inayosema "sabuni ipo, agiza sasa" ni tangazo hata ikitoka kwenye akaunti uliyofungua kwa ajili ya picha za watoto wako.

Wauzaji wana hoja, na si hoja ya kupuuzwa. Dada mmoja anayetengeneza sabuni kwa mkono aliniambia kwamba yeye anamtangazia msanii bure: watu wakiusikia wimbo kwenye video yake wataenda kuutafuta. Ni kweli kwamba nyimbo nyingi hupanda kwa njia hiyo, na wapo wasanii wanaofurahia na kuacha video zipite. Ni kweli pia kwamba programu yenyewe inamchanganya mtu. Inampa kitufe cha kuongeza muziki, inamwonyesha wimbo, halafu masharti yamejificha kurasa kadhaa ndani, kwa lugha ya mawakili.

Upande wa pili unabeba uzito mkubwa zaidi, na ndio ninaosimama nao. Wimbo uliorekodiwa una haki mbili zinazokaa pamoja. Moja ni ya utungo, yaani maneno na mahadhi, na kwa kawaida iko kwa mtunzi au mchapishaji wake. Nyingine ni ya rekodi, na mara nyingi iko kwa aliyegharimia studio. Anayetaka kuuweka wimbo chini ya picha za video ya biashara anahitaji kibali cha pande zote mbili, na bei yake ni ya kupatana. Kwa watunzi wengi hayo ndiyo malipo makubwa wanayoweza kuyapata kwa kazi moja. Tena kuna jambo zaidi ya pesa: sauti ya mtu inapopigwa juu ya bidhaa, msikilizaji anaamini mwenye sauti ameikubali bidhaa hiyo. Msanii ana haki ya kuulizwa kabla hajageuzwa mpiga debe wa kitu asichowahi kukishika.

Zile sekunde 15 hazina msingi wowote. Hakuna idadi ya sekunde inayomfanya mtangazaji awe huru, na kiitikio cha sekunde saba kinaweza kuwa ndicho kiini cha wimbo wote. Kuandika "sidai kumiliki muziki huu" hakusaidii pia. Kwa kweli kunadhuru, kwa kuwa umekiri kwa maandishi kwamba ulijua mali ni ya mwingine.

Basi tukakaa na yule dada kutafuta mbadala wa video yake ya sekunde 40, ile inayoonyesha kipande kikubwa cha sabuni kikikatwa vipande vidogo na kufungwa kwenye karatasi. Yeye alianza kwa kutafuta "muziki wa bure", na wa kwanza kutokea ulikuwa na maandishi makubwa yasemayo hauna hakimiliki. Tulipoteremka chini ya ukurasa tukakuta sharti dogo: bure kwa video binafsi, matangazo yalipiwe. Hapo ndipo watu wengi hunaswa. Neno "bure" linajibu swali la bei peke yake, halisemi nani anaruhusiwa, kwa kazi gani, na mahali gani. Hata nyimbo za Commercial Music Library, ambazo ni halali kabisa kwa mfanyabiashara, zimeruhusiwa kwa ajili ya TikTok. Ukiipakua video hiyo na kuipandisha kwenye mtandao mwingine, ruhusa imebaki kule ilikotoka.

Tukahamia openverse.org, kitafutio cha kazi zilizowekwa chini ya leseni za Creative Commons, ambazo mwenye kazi huzitumia kuwaruhusu wengine waitumie kwa masharti aliyoyachagua. Tukachagua sauti, kisha tukaweka alama kwenye vichujio viwili: "Use commercially" na "Modify or adapt". Cha kwanza kinaondoa kila kazi yenye herufi NC, ambayo haitaki matumizi ya kibiashara. Cha pili kinaondoa zenye ND, ambazo hazitaki kubadilishwa.

Hiyo ND ilimshangaza. Alikuwa amekwisha kupenda kipande kimoja cha piano chenye CC BY-ND, akasema hatakigusa, atakiweka kama kilivyo. Kwenye picha au makala hoja yake ingesimama. Kwenye muziki haisimami, kwa sababu leseni zenyewe zinatamka kwamba kulinganisha muziki na picha zinazotembea ni kuubadilisha, hata usipokata sekunde moja. Kwa msingi huohuo, muziki wenye SA unataka video yako nzima itolewe kwa leseni ileile, maana yake mshindani wako anaweza kuichukua na kuitumia. Kuna wafanyabiashara wasiojali hilo, yeye alijali. Mwisho akabaki na gitaa moja la polepole lenye CC BY 4.0, inayomruhusu kutumia kibiashara na kubadilisha, mradi amtaje mwenye kazi.

Kumtaja nako kuna namna yake. Kuandika "shukrani kwa msanii" hakutoshi. Maelezo ya video yake yalikuwa na mstari wa namna hii:

```
Muziki: "Jina la kipande", Jina la msanii, kiungo cha ukurasa, CC BY 4.0 (umefupishwa)
```

Kabla ya kuposti alifanya mambo mawili ambayo nayaona ya lazima. Alipiga picha ya skrini ya ukurasa wa leseni, tarehe ikionekana. Leseni ya Creative Commons ikishatolewa haiondolewi kwa anayeifuata, lakini ukurasa unaweza kufutwa kesho, na ukishafutwa utathibitishaje? Pia aliangalia nani aliyekipandisha kipande kile. Mtu anaweza kupakua wimbo wa mwenzake na kuubandika leseni asiyo na mamlaka nayo, na leseni hiyo haikulindi. Akaunti yenye kazi moja tu, isiyo na historia, au rekodi iliyosafishwa kiasi cha studio kubwa bila jina linaloeleweka, ni dalili ya kuachana nayo. Kuipitisha kwenye Shazam, programu inayotambua wimbo kwa kuusikiliza, huchukua nusu dakika: ikileta jina la mtu mwingine, achana nayo.

Kuna wanaodhani njia rahisi ni muziki wa zamani. Wana nusu ya ukweli. Mozart alifariki mwaka 1791 na tungo zake ni mali ya umma, lakini okestra iliyomrekodi juzi ina haki yake kamili juu ya rekodi hiyo. Tafuta rekodi yenyewe iliyoachiwa huru. Musopen, tovuti ya rekodi za muziki wa aina hiyo, wanazo nyingi, ila kila moja isomewe leseni yake, kwani hazifanani.

Kwenye picha kanuni ni zilezile, na upatikanaji ni mzuri zaidi. Picha inayotokea kwenye matokeo ya utafutaji ina mwenyewe, hata isipokuwa na jina wala alama, kwa kuwa chini ya Mkataba wa Berne, mkataba wa kimataifa wa hakimiliki, haki hiyo huzaliwa pamoja na kazi bila kusajiliwa. Makumbusho ya Metropolitan ya New York yaliachia kwa CC0, yaani bila sharti hata la kutaja jina, picha za kazi zake zilizo mali ya umma tangu mwaka 2017, na hizo unaweza kuzitumia kibiashara. Tahadhari moja: leseni ya mpigapicha haimfungi mtu aliyepigwa. Uso wa mtu anayetambulika ukiuweka pembeni ya sabuni yako, unahitaji ridhaa yake yeye.

Nukuu zina unafuu zaidi. Mkataba wa Berne, kifungu cha 10, unaruhusu kunukuu kazi iliyokwisha kutolewa kihalali, kwa kiasi kinachohitajika kwa lengo lake, ukitaja chanzo na mwandishi. Mstari mmoja wa kitabu unaouzungumzia katika chapisho lako unaweza kuingia humo. Shairi fupi zima lililotumika kama pambo la tangazo ni vigumu kuingia, na maneno ya mtu maarufu aliye hai yakikaa chini ya bei ya bidhaa yanazua lile swali la sauti ya msanii tulilokwisha kuliona.

Na ukifanya yote sawasawa, bado mashine inaweza kukukamata. YouTube hutumia mfumo wa Content ID, unaolinganisha video zinazopandishwa na kazi zilizosajiliwa humo, na yapo madai yanayoangukia muziki wa bure kwa sababu mtu fulani ameusajili kama wake. Hapo usitaharuki wala usifute video. Dai la namna hiyo si onyo la kufungiwa. Maonyo yanatokana na mwenye haki kuomba rasmi video iondolewe, na ni matatu ndani ya siku 90 yanayohatarisha kituo chako. Dai la Content ID unalipinga kwa kueleza kwamba una leseni, unaweka kiungo na jina la leseni, na mdai ana siku 30 za kujibu. Ile picha ya skrini ndipo inapolipa gharama yake.

Tuliicheza video ya dada yule mara tatu, gitaa likiwa chini. Mara ya nne akazima muziki kwa bahati mbaya, tukasikia waya ukipita ndani ya sabuni, halafu karatasi ikikunjwa na kamba kukazwa. Alinyamaza kidogo, akasema, "Iache hivyo." Gitaa akalihifadhi kwa video nyingine, leseni yake ikiwa tayari imewekwa kwenye folda.