Kichwa cha mtu juu ya mwili wa fahali

Mtandaoni zimejaa orodha za viumbe wa hadithi za kale walio nusu mtu nusu mnyama, na karibu zote zinafanana: simba ni ushujaa, tai ni kasi, nyoka ni hila. Unachukua kiumbe, unamkatakata vipande, unajumlisha maana, kazi imeisha. Mimi njia hiyo hainiingii akilini. Kama fahali ana maana moja tu, mbona kule Ashuru mtu aliyechanganywa na fahali ni mlinzi wa mlango wa mfalme, na Krete mchanganyiko huohuo ni jitu linalokula watoto wa watu?

Tuanze na wa Ashuru, maana huyo tunaweza kumkagua kwa macho. Wasomaji wa Biblia wanamkuta Sargoni katika Isaya 20. Mfalme huyo, Sargoni wa Pili, alijijengea mji mpya kaskazini mwa Iraki ya leo, akauita kwa jina lake, Dur-Sharrukin, yaani ngome ya Sargoni. Uzinduzi ulifanyika mwaka 706 K.K. Kwenye milango ya mji na ya kasri walisimamishwa mafahali wenye mabawa na uso wa mtu, ambao leo wengi huwaita lamasu. Kila mmoja alichongwa katika pande moja la jiwe la jasi. Mmoja aliyepelekwa Chicago ana kimo kinachokaribia mita 5 na uzito wa tani 40 hivi. Wengine wako Paris, London na Baghdad.

Mtazame usoni kwanza. Ana ndevu ndefu zilizosukwa mawimbimawimbi, sawasawa na za mfalme mwenyewe katika michoro ya ukutani. Anatazama kwa utulivu, hana hasira. Lakini masikio ni ya fahali, na yamevishwa hereni. Kichwani ana kofia iliyozungukwa na pembe, na hapo ndipo orodha zinapoanza kukwama. Katika nchi ile kofia yenye pembe ilikuwa alama ya mungu, hata mungu mwenye umbo la mtu mtupu aliivaa. Kwa hiyo fahali yumo mara mbili ndani ya kiumbe kimoja, na kila mahali anasema jambo tofauti. Kwenye mwili ni uzito na nguvu za kuzuia mlango. Kwenye kofia ni cheo. Ukiandika "fahali = nguvu" umekamata nusu tu.

Kisha mhesabu miguu. Ni mitano. Ukimjia kwa mbele unaona miwili imesimama imara, hakuna hatua. Ukipita ubavuni pake kuingia ndani unaona minne, na sasa anatembea. Mchongaji hakuwa amelewa. Alijua watu watamwona kutoka pande mbili, akampa kila mtazamaji picha iliyokamilika: anayekuja anazuiwa, aliyeruhusiwa anasindikizwa. Ndiyo maana nasema maana ya kiumbe huyu huwezi kuijua mpaka usimame mlangoni. Mtoe pale umweke katikati ya ukumbi wa makumbusho, azungukwe na watalii, na mguu wa tano unageuka kichekesho.

Katikati ya miguu kuna maandishi ya kabari: sifa za mfalme, habari za ujenzi wa mji, na laana kwa atakayethubutu kuuharibu. Halafu kuna kitu kidogo ninachokipenda kuliko vyote. Kwenye kitako cha fahali mmoja aliyeko London pamekwaruzwa ubao wa mchezo wa vijumba 20, uliokuwa ukichezwa sana enzi hizo. Yaelekea walinzi wa kweli, wale wa nyama na damu, walikaa chini ya mlinzi wa jiwe wakaua muda. Hawakumwogopa. Kwao alikuwa mwenzao wa zamu, na hilo linanifundisha habari zake kuliko orodha yoyote.

(Kwa mfalme mwenyewe ulinzi haukufika mbali. Mwaka 705 K.K. Sargoni aliuawa vitani, maiti yake haikupatikana, na mwanawe Senakeribu akauacha mji ule akahamia Ninawi. Huko naye aliweka mafahali milangoni, ila wake wakachongwa miguu minne.)

Sasa twende Krete. Minotauro ni vitu vilevile vimegeuzwa: kiwiliwili cha mtu, kichwa cha fahali. Wagiriki walisimulia kwamba Mfalme Minosi aliletewa na mungu Poseidoni fahali mzuri ili amtoe sadaka, naye akamficha kwa uchoyo. Adhabu ikampata mkewe Pasifae: akatiwa tamaa ya yule fahali, akamzaa Minotauro. Mtoto akafungiwa ndani ya jumba la vichochoro, na Waathene wakatozwa vijana saba na wasichana saba wa kumlisha.

Rahisi kusema kwamba tofauti ni kichwa: mwenye kichwa cha mtu ana akili, mwenye kichwa cha mnyama hana. Nimesoma maelezo hayo mahali pengi na yanavutia, lakini hayasimami. Kwenye kuta za makasri yaleyale ya Ashuru wamechongwa watu wenye kichwa cha ndege, wameshika ndoo na kitu kama koni, na kazi yao ni kutakasa na kufukuza mabaya. Wana kichwa cha mnyama na ni wema kabisa. Misri ndiyo inaivunja kanuni hiyo kabisa, kwa sababu miungu yake kwa makumi ina vichwa vya wanyama na hakuna aliyewaona wapungufu.

Kinachonishawishi zaidi ni kuuliza kiumbe yuko wapi na anafanya nini pale. Lamasu yuko mpakani, watu wanapita kando yake wakiingia na kutoka. Minotauro yuko ndani kabisa, mlango umejengwa ili asitoke. Yeye ni siri ya familia ya mfalme, matokeo ya ahadi iliyovunjwa. Kuna bakuli la Waetruski la karne ya 4 K.K., liko Paris, linalomwonyesha Pasifae amempakata mwanawe mchanga mapajani kama mama yeyote, kichwa kidogo cha ndama kikiwa juu ya mwili wa mtoto. Aliyechora pale hakuona jitu. Aliona aibu ambayo mzazi anaipenda.

Na Anubi wa Misri? Kichwa cha mbweha, mwili wa mtu, msimamizi wa kuhifadhi maiti na makaburi. Kwa orodha zetu mbweha angekuwa ulafi au ujanja. Lakini fikiria makaburi ya kale ya Wamisri, yaliyochimbwa kwa kina kifupi pembezoni mwa jangwa. Mnyama aliyeonekana huko usiku akifukua alikuwa jamii ya mbweha. Maelezo ya wataalamu wengi, ambayo nami nayakubali, ni kwamba yule tishio la maiti ndiye aliyekabidhiwa ulinzi wao. Na mwili wa mtu anao kwa sababu kazi yake inahitaji mikono: katika michoro ya makaburini ameinama juu ya kitanda chenye umbo la simba, anaishughulikia maiti iliyoviringishwa sanda. Anapokuwa hana cha kushika, amelala tu juu ya sanduku akilinda, Wamisri walimchora mbweha mzima, bila mtu ndani yake hata kidogo.