Nyuroni Changa katika Hipokampasi ya Mtu Mzima: Protini ya DCX Inathibitisha Nini?

Katika mwaka 2018, ndani ya kipindi cha takriban mwezi mmoja, zilichapishwa tafiti mbili zilizochunguza sehemu ileile ya ubongo wa binadamu, yaani jirasi dentati ya hipokampasi, eneo linalohusika na kumbukumbu, zikafikia majibu yanayopingana kuhusu iwapo nyuroni, yaani seli za neva, huendelea kuzaliwa humo utu uzimani. Kundi la Shawn Sorrells na Arturo Alvarez-Buylla lilipima sampuli 59 na halikuona nyuroni changa kwa mtu yeyote mwenye umri zaidi ya miaka 13. Kundi la Maura Boldrini lilipima ubongo wa watu 28 wenye umri wa miaka 14 hadi 79, likasema kwamba nyuroni mpya zinaendelea kuzaliwa hata uzeeni. Tofauti kubwa namna hii kwa kawaida haisababishwi na ubongo wenyewe, hivyo ni vyema kuanza na kitu kilichopimwa.

Kilichopimwa kwa sehemu kubwa ni protini iitwayo DCX, ambayo hushikamana na mikrotubuli, yaani nyuzi zinazoipa seli umbo, za nyuroni changa wakati inapohama na kuotesha matawi yake. Katika panya protini hii huonekana kwa majuma machache baada ya nyuroni kuzaliwa, kisha hutoweka, na kwa sababu hiyo imekuwa ikichukuliwa kama alama ya ujana wa seli. Kwa binadamu alama hiyo ina udhaifu wa pande mbili: inaweza kukosekana ilhali seli ipo, na inaweza kuwepo ilhali seli haikuzaliwa karibuni.

Udhaifu wa kwanza ndio uliotumiwa na kundi la María Llorens-Martín mwaka 2019 kuyajibu matokeo ya Sorrells. Ubongo wa maiti huhifadhiwa kwa kulowekwa katika paraformaldehidi, kemikali inayofunga protini pamoja ili tishu isioze. Lakini ikikaa humo kwa muda mrefu, sehemu ya protini ambayo antibodi, yaani molekuli inayotumiwa kuifanya ing'ae chini ya darubini, hutakiwa kuishika hufichika. Kundi hilo lilionyesha kwamba mng'ao wa DCX huanza kufifia tishu inapokaa humo zaidi ya saa 12 hivi, wakati sampuli nyingi za hifadhi za ubongo hukaa kwa muda mrefu zaidi ya huo. Kwa kutumia tishu iliyohifadhiwa kwa muda mfupi, na kwa kuiondolea mng'ao wa asili unaoongezeka na umri, watafiti hao waliona maelfu ya seli zenye DCX kwa watu 13 wenye afya ya neva, wenye umri wa miaka 43 hadi 87, na wakaona kwamba idadi hiyo hupungua kwa wagonjwa wa Alzaima.

Hoja hiyo ni nzito, lakini haiuondoi kabisa upande wa pili. Sorrells na wenzake walikuwa pia na sampuli 22 zilizotolewa na madaktari wakati wa upasuaji wa kifafa, ambazo hazikupitia saa nyingi za kifo kabla ya kuhifadhiwa, na hata humo hawakuziona nyuroni changa kwa watu wazima. Aidha, kwa njia zilezile waliziona kwa wingi katika ubongo wa watoto wachanga, idadi ikishuka kwa kasi katika mwaka wa kwanza wa maisha. Kwa upande mwingine, hipokampasi yenye kifafa si kipimo kizuri cha hipokampasi yenye afya, na mng'ao uliofifia bado unaweza kuonekana pale seli ni nyingi sana, kama kwa mtoto, lakini ukapotea pale zilipo chache. Kwa maoni yangu, kutoonekana kwa DCX katika tafiti hizo kunatuonyesha kwamba idadi imeshuka sana baada ya utoto, lakini hakutoshi kusema kwamba imefika sifuri.

Udhaifu wa pili huzungumzwa mara chache, nami nauona kuwa mkubwa zaidi. Katika amigdala ya binadamu, sehemu ya ubongo inayohusika na hisia, kuna nyuroni zilizozaliwa mapema katika ukuaji ambazo hubaki changa kwa miaka mingi, zikiwa na DCX, bila seli mpya kugawanyika. Zaidi ya hayo, RNA ya DCX, yaani nakala ya maelekezo ya jeni ya kuitengeneza, imeonekana katika nyuroni za kuzuia, zile zinazotuliza nyuroni nyingine, ambazo zimekwisha kukomaa. Kwa hiyo seli yenye DCX katika hipokampasi ya mzee wa miaka 80 inaweza kuwa imezaliwa mwaka jana, au imezaliwa utotoni ikachelewa kukomaa, na darubini haiwezi kutofautisha hali hizo mbili.

Kipimo kinachogusa umri wa seli moja kwa moja ni kile cha kaboni-14, aina ya kaboni yenye mionzi. Majaribio ya mabomu ya nyuklia angani, kabla ya mkataba wa mwaka 1963, yaliongeza kaboni hiyo hewani, kisha kiwango kikashuka mwaka hadi mwaka, na DNA ya kila seli hubeba kiwango cha mwaka ilipoundwa. Mwaka 2013 Kirsty Spalding, Jonas Frisén na wenzao walipima DNA ya nyuroni za hipokampasi na kukadiria kwamba nyuroni 700 huongezeka kila siku katika kila hipokampasi. Pingamizi kwamba huenda ni DNA iliyokarabatiwa tu halina nguvu sana, kwa kuwa nyuroni za gamba la ubongo zilipopimwa vivyo hivyo zilikuwa na umri wa mwenyewe. Pingamizi la maana zaidi ni kwamba 700 ni tokeo la modeli ya kihesabu, na kwamba viini vichache vya seli nyingine vikichanganyika na vya nyuroni wakati wa kutenganishwa vinaweza kuipotosha.

Tuichukue namba hiyo tuone inadai nini. Ikiwa nyuroni 700 huzaliwa kwa siku na kila moja hubaki changa kwa siku 30, wakati wowote tutakuta nyuroni changa 21,000. Ikiwa hubaki changa kwa siku 180, muda unaokaribiana na ule ulioonekana kwa nyani aina ya makaki, tutakuta 126,000 kwa kasi ileile ya kuzaliwa. Mtafiti anayehesabu hizo 126,000 akidhani binadamu hukomaa kwa kasi ya panya atapata nyuroni 4,200 kwa siku, yaani mara sita ya ukweli. Upande wa seli zinazogawanyika, mgawanyiko huchukua siku moja au mbili tu. Tukikisia kwamba zipo 1,000 kati ya nyuroni za punje, ambazo ndizo nyuroni kuu za jirasi dentati, zipatazo milioni 15, basi katika viini 30,000 vilivyosomwa RNA tutarajie viwili tu. Kundi la Nenad Sestan, ambalo mwaka 2022 lilisoma RNA ya kiini kimoja kimoja na kuona mkondo wa uzaliwaji kwa panya, nguruwe na makaki lakini si kwa binadamu, lilikuwa likitafuta kitu ambacho, hata kikiwepo, ni adimu kiasi hicho.

Ndiyo maana utafiti wa kundi la Frisén wa mwaka 2025 umebadilisha hali ya mjadala. Badala ya kusoma viini kwa kubahatisha, walichuja kwanza vile vyenye Ki67, protini inayopatikana katika seli zinazogawanyika, na wakapata seli tangulizi za nyuroni, yaani zile zinazogawanyika na kuzaa nyuroni, kwa watu wazima, ingawa kwa tofauti kubwa kati ya mtu na mtu. Hata hivyo kompyuta ilifundishwa kuzitambua kwa kutumia seli za watoto, kwa hiyo inaweza kupitwa na seli ya mtu mzima iliyobadilika tabia. Na seli tangulizi inayogawanyika leo haithibitishi kwamba nyuroni itakayotokana nayo itaishi na kuungana na mtandao wa nyuroni nyingine.

Naegemea upande wa uwepo, kwa sababu kaboni-14 na Ki67 hazitegemei DCX, na kosa linaloweza kuiharibu moja si lile linaloweza kuiharibu nyingine. Siegemei namba yoyote ya kasi. Ili tuipate, mambo mawili yanahitajika: ubongo mmoja ugawanywe mara tu unapotolewa, vipande vikae katika paraformaldehidi kwa muda tofauti na kusomwa na maabara zinazopingana bila kujua kipi ni kipi, kisha upimwe muda ambao nyuroni ya binadamu hubaki changa, kwa sababu bila muda huo hesabu ya seli zenye DCX haiwezi kugeuzwa kuwa idadi ya seli zinazozaliwa kwa siku.