Tabibu si daktari, hata kwenye sivii

Mwezi uliopita fomu ya kazi hapa Leeds iliniuliza ngazi yangu ya juu ya elimu. Nilikaribia kuandika 6, maana cheti changu kinasema NTA Level 6. Nikasita. Uingereza ngazi ya 6 ni shahada ya kwanza. Kwetu Tanzania ngazi ya 6 ni stashahada, na shahada ni ya 8. Mwajiri asiyejua hilo angenihesabia shahada ambayo sikuisomea.

Mimi ni tabibu, miaka mitatu ya chuo baada ya kidato cha nne. Zahanati nzima iliniita dokta, na nilizoea. Lakini matangazo ya ajira ya serikali yetu hayachanganyi: tabibu yuko peke yake, daktari msaidizi peke yake, daktari naye ni yule wa shahada. Kiswahili kimeshatutenganisha. Tunachanganya tukifika kwenye Kiingereza.

Najua mtaniambia, "Kaka, andika Doctor, nani atajua?" Watajua. Daftari la madaktari wa Uingereza liko wazi mtandaoni. Wanatafuta jina lako, halipo, yamekwisha. Tena sheria yao ya udaktari ya 1983 inasema kujifanya daktari kwa makusudi ni kosa. Wengine watasema niandike Nurse, kwa kuwa kujishusha hakumuumizi mtu. Mimi kunaniuma. Uuguzi ni taaluma nyingine, ina mafunzo yake na baraza lake, na muuguzi aliyesajiliwa naye cheo chake kinalindwa kisheria. Wala msiseme Ulaya imenilevya. Cheo nilichoandika ni kile kile kilichokuwa kwenye barua yangu ya ajira nyumbani:

```
Clinical Officer, Tanzania
Diploma in Clinical Medicine, 3 years, NTA Level 6
In Tanzania a bachelor's degree is NTA Level 8
```

Chini yake nikaeleza kazi yenyewe, maana cheo hicho huku hakipo na mtu hawezi kukikisia. Nikaandika kwamba niliona wagonjwa wa nje 40 hadi 50 kwa siku, nikapima, nikaandika dawa, na usiku nilikuwa peke yangu. Nikaandika na mipaka: upasuaji sikufanya, kesi nzito nilizipa rufaa kwenda hospitali ya wilaya. Mstari huo wa mipaka wengi wetu tunauficha, na ndio unaomfanya msomaji aamini ile mingine.

Kinachonichosha ni kwamba huku sina leseni ya kutibu, na kazi niliyoomba ni ya kuhudumia wazee. Hata hivyo kwenye usaili yule mama hakuniuliza kama mimi ni daktari. Aliuliza nilifanyaje mtoto alipoletwa anadegedega usiku na hakuna daktari. Nikamweleza: njia ya hewa kwanza, diazepamu, kipimo cha sukari na cha malaria, sindano ya atesuneti, kisha gari la rufaa. Akaacha kuandika, akasikiliza.