Barua ya mama ilinifikisha dirishani, ikaishia hapo

Mama alipokatwa kinyama kidogo titini ili kikapimwe maabara, majibu yalitoka akiwa hawezi kupanda basi. Nikaenda mimi na barua iliyopigwa muhuri wa serikali ya mtaa: "Mtajwa hapo juu ni mwanangu, naomba apewe ushirikiano." Dirishani maabara nilikabidhiwa bahasha bila neno. Nilipoingia kwa daktari anifafanulie, alisoma barua, akairudisha. "Hii inasema ushirikiano. Haisemi nikueleze ugonjwa wake."

Nilinuna njia nzima. Leo nasema daktari yule alikuwa sahihi, na aliyekosea ni aliyeandika barua, yaani mimi.

Kubeba karatasi ni jambo moja, kuzungumza juu ya mgonjwa ni jingine. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 huku Tanzania imeziweka taarifa za afya katika kundi la taarifa nyeti, na inataka ridhaa ya maandishi ya mwenyewe. Muhuri wa mtendaji unathibitisha mama anaishi mtaani kwetu. Ridhaa ya mama hauitoi.

Barua ya pili niliiandika hivi, mama akiniambia maneno:

"Mimi, mwenye faili namba fulani, namruhusu mwanangu, mwenye kitambulisho cha NIDA namba fulani, achukue majibu ya kinyama nilichokatwa tarehe 4 Machi. Namruhusu pia azungumze na daktari anayenitibu kuhusu majibu hayo, dawa na matibabu yanayofuata. Ruhusa hii inaisha tarehe 30 Juni, au siku nitakapoifuta."

Mkono wake unatetemeka, kwa hiyo aliweka dole gumba. Jirani akashuhudia, akaandika jina lake na namba ya simu. Shahidi asiwe yule yule anayetumwa, maana hapo karani ana haki ya kutia shaka. Nilibeba nakala ya kitambulisho cha mama na changu, na mama akakaa karibu na simu. Daktari alimpigia kweli, kwa namba iliyokuwa kwenye faili, wala si ile niliyomtajia. Nilimheshimu kwa hilo.

Barua hii haikunipa mamlaka ya kusaini upasuaji. Maadamu mama ana akili timamu, fomu hiyo anasaini mwenyewe. Majibu ya VVU nayo yana ukali wake: sheria ya 2008 inasema anapewa aliyepimwa, ukiacha hali chache kama ya mtoto. Usitegemee barua ya jumla.

Kuna mstari mmoja sikuutaja. Nilipomaliza kumsomea, mama alinyamaza kidogo, kisha akasema: "Ongeza kwamba mambo yangu ya uzazi ya zamani usiambiwe." Kalamu ilisita. Nikaandika, na mpaka leo sijamuuliza.