Kiatu cha "atakikulia" hakifiki mwisho wa mwaka

Kwa miaka mingi nilikuwa mzazi wa "mpe namba kubwa, atakikulia." Hesabu yake ilionekana haina kasoro: mguu unakua, kiatu hakikui, basi nunua kikubwa leo ule mwaka mzima. Siku hizi naamini ndiyo njia ya haraka kabisa ya kuua kiatu kizima.

Binti yangu alipokuwa na miaka mitano, mguu wake ulikuwa na urefu wa sentimita 16.8. Nilimchukulia namba 29, ambayo kwa ndani ilikuwa na sentimita 19 na ushei. Mbele ya vidole palibaki sentimita mbili na nusu hivi. Nilitoka dukani nikijiona mjanja. Mwezi wa kwanza alikuwa anajikwaa kwenye kila ngazi, mwezi wa pili kisigino kikaota malengelenge, na mwezi wa tano soli ya mbele ilikuwa imeachama kama mdomo wa kiboko. Nilipompima tena, mguu ulikuwa sentimita 17.2. Kiatu kilikufa kabla mguu haujakaribia kukijaza.

Nilimlaumu muuzaji, nikalaumu na gundi. Fundi viatu niliyempelekea akakigeuza, akanionyesha mkunjo uliokuwa juu ya kiatu. Kiatu hutengenezwa kikunjike pale mguu unapokunjika, yaani kwenye fundo la kidole gumba. Mguu mfupi ndani ya kiatu kirefu hukunjika nyuma ya mahali hapo, pale ambapo soli ni ngumu na haikukusudiwa kupinda. Kila hatua inaivuta gundi na kuchana ngozi ya juu. Isitoshe, ncha ya kiatu isiyo na mguu ndani huning'inia na kuburuzwa chini, ndiyo maana ilisagika kwanza. Na kitu ambacho sikukitarajia: mguu unaoogelea huteleza kwenda mbele, kwa hiyo vidole vinagonga ncha ya kiatu kile kile nilichokinunua ili visigonge.

Basi kiasi gani kinatosha? Nafasi nzuri mbele ya kidole kirefu zaidi ni kama milimita 12. Ikishuka hadi milimita 5 au 6, kiatu kimekwisha hata kama kinang'aa. Kati ya hapo ndipo mtoto anapokua. Mtoto wa miaka mitatu hadi sita mguu wake huongezeka takriban milimita moja kwa mwezi, wa chini ya mitatu huongezeka zaidi ya hapo, na baada ya sita kasi hupungua. Ukifanya hesabu unaona ukweli ambao wengi hatupendi kuusikia: kwa mtoto mdogo hakuna jozi moja ya kutosha mwaka. Kuna miezi sita hadi minane. Kwa wa miaka minane au tisa, mwaka unawezekana, ila asipige mruko wa ghafla.

Namba iliyoandikwa kwenye soli haitoshi kukuongoza. Namba za mfumo wa Ulaya huongezeka kwa theluthi mbili za sentimita, kwa hiyo ukichukua urefu wa ndani unaoutaka kwa sentimita ukazidisha kwa 1.5 unapata namba. Kwa binti yangu: 17.2 jumlisha 1.2 ni 18.4, mara 1.5 ni 27.6, basi 28. Lakini nilipima viatu viwili vyote vimeandikwa 28. Kimoja kilikuwa na sentimita 18.1 ndani, kingine 18.6. Watengenezaji hawakubaliani, na siku hizi sibishani nao. Natembea na kadibodi.

Kadibodi yenyewe ni hivi. Jioni, mguu ukiwa umeshavimba kidogo kwa shughuli za mchana, mtoto asimame juu ya karatasi na soksi zake, kisigino kikigusa ukuta, uzito wote kwenye mguu huo. Akikaa, mguu unasomeka mfupi. Weka alama mbele ya kidole kirefu zaidi, ambacho si lazima kiwe gumba, kisha rudia mguu wa pili. Mara nyingi haifanani. Wa binti yangu ni mguu wa kulia unaozidi kwa milimita tatu, na mguu mkubwa ndio unaoamua. Kata kipande cha kadibodi chembamba, upana wa kidole, chenye urefu wa mguu huo jumlisha milimita 12. Dukani kitumbukize ndani ya kiatu, kisukume mpaka kiguse mbele. Kikikunjika, kiatu ni kifupi. Kikibakiza upenyo nyuma kwenye kisigino, huo ndio ziada yako, na ziada ya milimita mbili tatu sioni ubaya. Zaidi ya hapo narudisha rafuni.

Ile tabia ya kubonyeza ncha ya kiatu kwa kidole gumba na kumuuliza mtoto "kinabana?" niliiacha. Ukibonyeza, mtoto hukunja vidole, na wewe unahisi pango lisilokuwepo. Jibu lake nalo halina uzito. Mifupa ya mguu wa mtoto bado laini, vidole hujikunja bila maumivu makubwa, na mtoto aliyependa rangi ya kiatu atakuambia kinamtosha hata akikivaa kichwani.

Nilichukua ile 28 yenye sentimita 18.6. Kila baada ya miezi miwili nilimsimamisha ukutani: 17.4, kisha 17.7, 17.8, na mwezi wa nane 18.0. Zilibaki milimita 6, nikanunua kingine. Kiatu kilitoka kizima, soli haijaachia popote. Kwa watoto wa chini ya miaka mitatu mimi hupima kila mwezi na nusu, maana mguu unakimbia.

Kuhusu uimara, wazazi hulipia vitu visivyohitajika. Kiatu cha kuishi miaka mitatu kwa mguu utakaokaa ndani miezi minane ni zawadi kwa mtoto wa jirani. Nitazame nini basi? Kwanza kiatu kilichokufa. Wa kwangu wa kiume hufunga breki ya baiskeli kwa vidole vya mguu, kwa hiyo natafuta ncha iliyofunikwa raba na soli iliyoshonwa pembeni, si ya gundi tupu. Halafu nakipinda kiatu kwa mikono: kipinde mbele, kwenye theluthi ya kwanza, si katikati. Nabana kisigino kwa vidole viwili. Kikilegea kama soksi, mguu utayumba na kingo zitasagika upande mmoja. Na lazima kiwe na kamba au velkro, kwa sababu ndiyo inayoushika mguu nyuma usiteleze kwenda kwenye ile nafasi niliyoihesabu. Viatu vya kutumbukiza visivyofungwa hubaki mguuni kwa kubana tu, kwa hiyo nafasi ya vidole inaliwa tangu siku ya kwanza.

Kuhusu kurithishana: nilichomoa soli ya ndani ya ile 28 kabla ya kumpa mdogo wake. Alama za vidole vya dada yake zilikuwa zimezama pale, gumba likiwa shimo kabisa. Nilikata nyingine mpya kwa umbo lile lile, nikakisimamisha kiatu juu ya meza nikitazame kwa nyuma. Kisigino kilisimama wima. Kingekuwa kimelala upande mmoja ningekitupa, kwa sababu huo ni mwendo wa dada yake, na yeye ana wake.