Barua ya shukrani si fomu ya pili ya umaskini

Kila vyuo vikuu vinapofungua, vijana wa hapa Malindi waliopata wafadhili huambiwa waandike barua ya shukrani. Majirani huniletea nizikague kabla hazijatumwa, na karibu zote huanza kwa dhiki: baba hana kazi, mama mgonjwa, nyumba inavuja, kuna siku tulilala njaa. Yote ni kweli. Lakini naona tunawakosea vijana hawa tunapowaacha waamini kwamba shukrani ni kujivua nguo mbele ya aliyekusaidia.

Binti mmoja wa mtaani kwetu, mwaka wa kwanza wa sayansi ya uvuvi kule Kilifi, alikuja na rasimu ya kurasa mbili. Ukurasa mzima ulikuwa juu ya kisukari cha mamake na baba anayevua kwa chombo cha kuazima. Nilipomwambia autoe, alishtuka. "Lakini ami, nisipowaeleza shida zetu watajuaje?" Nikamwambia, "Mwanangu, walishajua siku ile uliyopeleka fomu na barua ya chifu. Ndiyo sababu wakakuchagua. Sasa wanataka kujua pesa zimefika wapi."

Kwenye pesa ndipo barua nyingi hukosea. Rasimu yake ilisema, "Mmenilipia karo yote." Haikuwa hivyo. Mfumo wa ufadhili ulioanza 2023 ulikuja kuwagawa wanafunzi wa vyuo vya umma katika makundi matano kulingana na uwezo wa familia. Kwa kundi la kwanza, lenye uhitaji mkubwa zaidi, serikali hubeba asilimia 70 ya gharama ya masomo, mkopo asilimia 25, na familia asilimia 5. Tuseme kozi yake ni shilingi 240,000 kwa mwaka: serikali inatoa 168,000, mkopo ni 60,000, na nyumbani wanatakiwa walete 12,000. Mfadhili wake alilipa hizo 12,000, pamoja na chumba cha hosteli na vifaa vya maabara. Ule mkopo ataulipa mwenyewe akishamaliza masomo.

Ukiandika "karo yote", mhasibu wa mfadhili atafungua taarifa ya karo, aone jina lao kwenye kiasi kidogo tu, na aanze kuuliza maswali. Halafu ukitaja kiasi halisi hupunguzi shukrani. Hizo 12,000 ndizo baba yake asingeweza kuzipata msimu wa kusi, bahari inapochafuka na vyombo vidogo kubaki ufukweni.

Tukaandika upya. Sehemu niliyoipenda kuliko zote aliiandika bila msaada wangu:

"Pesa zenu zilinunua koti la maabara na kisanduku cha vifaa vya kupasulia. Wiki iliyopita tulipasua changu. Nimekuwa nikiwasafisha changu nyumbani tangu utotoni, lakini sikuwahi kukitazama kile kifuko cha hewa chini ya uti wa mgongo, kinachomsaidia samaki kukaa kwenye kina bila kuzama wala kuelea. Nilikuwa nakitupa pamoja na matumbo."

Mfadhili akisoma hapo anaiona pesa yake ikifanya kazi mkononi mwa mtu. Na baba mvuvi yumo ndani ya barua, bila kuonewa huruma.

Rasimu ya kwanza ilikuwa pia na ahadi: "Nitakuwa wa kwanza darasani." Niliikataa. Mwaka wa kwanza ni mgumu, na muhula ujao ahadi hiyo ingemfanya aogope kuandika tena. Kemia ilikuwa imeshamsumbua kwenye jaribio la kwanza, basi akaandika hivyo hivyo: alama zilikuwa chini, amejiunga na kikundi cha kusoma jioni, na matokeo rasmi atayatuma chuo kitakapoyatoa. Alitaka pia kuomba kompyuta humo humo. Nikamshauri aiandikie barua ya peke yake baadaye, kwa sababu ombi likikaa mwishoni mwa shukrani, msomaji huona shukrani yote ilikuwa njia ya kulifikia.

Dua tuliiacha ibaki. "Mola awazidishie kheri" ni maneno yetu, naye aliyasema kwa moyo.

Kuna jambo moja ambalo ofisi za wafadhili nazo zinapaswa kulisikia. Barua hizi huishia kwenye ripoti na kurasa za mitandaoni, zikiwa na picha na jina kamili, na ugonjwa wa mama ukawa unasomwa na watu asiowajua. Kijana wa miaka kumi na tisa anayelipiwa chumba si rahisi akatae akiombwa ruhusa, kwa hiyo ni bora aitoe au aizuie yeye mwenyewe kabla ya kuulizwa. Chini ya sahihi yake, binti huyu aliongeza: "Mnaweza kuwaonyesha wengine barua hii. Naomba jina langu na habari za wazazi wangu zisitajwe."