Masjala inapokurudishia maelezo kwa ajili ya mistari

"Maelezo yangu ni ya kweli na nimeyasaini. Kwa nini masjala iyarudishe kwa sababu ya mistari na pambizo?"

Kwa sababu maelezo ya shahidi hayasomwi kama barua. Jaji, shahidi na mawakili wa pande zote mbili huyafungua kwa wakati mmoja, kila mtu na nakala yake, na mmoja wao anatafuta pa kumbana shahidi. Wakili akiuliza, "Aya ya 14 umesema mlango ulikuwa wazi, aya ya 22 umesema uligonga ukafunguliwa, tushike lipi?", wote wanafika hapo papo hapo. Mwenendo wa kesi nao unaandikwa "aya ya 14", na jaji wa rufaa atakayeusoma baadaye hahitaji kubahatisha. Pasipo namba tunabaki na "ukurasa wa tatu, katikati hivi".

Kwa namba za aya, basi, mimi niko upande wa masjala bila kusita. Ugumu ni kwamba masharti yote matatu, yaani namba za aya, pambizo na namba za mistari, hupigiwa muhuri mmoja wa kukataliwa, na uzito wake si mmoja.

Pambizo pana lina sababu ya kawaida tu. Uingereza, kwa mfano, mwongozo wa mahakama za madai unataka sentimita 3.5, kwa kuwa karatasi hutobolewa na kufungwa kwenye jalada, na maneno yaliyo karibu mno na ukingo humezwa. Faili likiwasilishwa kwa mtandao na kusomwa kwenye kioo, sababu hiyo inapungua sana.

Namba za mistari ndizo zenye ubishi. California inazidai: zianze na 1 kila ukurasa, na ziende sambamba na maandishi au zipangwe kwa nafasi sawa toka juu hadi chini. Faida yake inaonekana aya inapokuwa ndefu, maana "ukurasa wa 5, mstari wa 12" humfikisha msomaji kwenye sentensi yenyewe. Lakini anwani hiyo hudumu maadamu ukurasa haujatikisika. Ongeza neno moja, badilisha fonti, na mstari wa 12 umeshakuwa wa 13. Namba ya aya haina udhaifu huo, kwa kuwa inasafiri na maneno yake.

Chukua ukurasa wa mistari 28 ambao namba zake zimewekwa tayari kwenye kichwa cha ukurasa, pointi 24 kati ya moja na nyingine. Mwandishi anachagua nafasi ya `Double` kwenye Word, kwa Times New Roman ya 12, akidhani ndiyo hiyo hiyo. Siyo. `Double` ya fonti hiyo ni takriban pointi 27.6. Kila mstari unateleza pointi 3.6, na ukifika wa nane umeshateleza mstari mzima. Juu ya ukurasa kila kitu kinaonekana sawa, na ndiyo maana watu hawaoni kosa: litazame chini. Dawa ni kuweka `Exactly` na `24 pt`, na nukuu ndefu `Exactly` na `12 pt`, ili mistari yake miwili ikae kwenye nafasi ya namba moja.

Wengine hukimbilia `Layout > Line Numbers > Restart Each Page`. Njia hiyo haitelezi, ila Word haihesabu mistari iliyo ndani ya jedwali wala tanbihi. Shahidi aliyepanga malipo yake kwenye jedwali ataukuta ushahidi wake mzito kuliko wote hauna namba hata moja.

Hapa ndipo namwelewa anayelalamika. Ofisi ya wakili ina kiolezo kilichosetiwa miaka mingi iliyopita. Mtu anayejitetea mwenyewe hajui hata kwamba `Double` na pointi 24 ni vitu viwili, na akirudishiwa hati siku ya mwisho ya kuwasilisha, anachopoteza ni muda wa kisheria wenyewe. Watetezi wa masharti hujibu kwamba ukilegeza kwa mmoja, wote watalegea. Jibu hilo halinishawishi. Mwongozo ule ule wa Uingereza unasema mahakama *inaweza* kukataa maelezo yenye kasoro ya umbo, na jaji anaweza kuruhusu yawasilishwe yakiwa na kasoro zake. Uamuzi umeachwa wazi kwa makusudi.

Kwangu mimi, hati isiyo na namba za aya irudishwe, kwa kuwa hakuna anayeweza kuihoji vizuri. Yenye pambizo jembamba au mistari iliyoteleza ipokelewe kwa tarehe yake, mwenyewe apewe siku chache za kuirekebisha bila kugusa maneno. Na akiwa na jambo la kuongeza baadaye, mahakama ikamruhusu, aliandike kama aya ya 6A, asizisogeze za mbele: upande wa pili huenda umeshajibu aya ya 7 kwa namba yake.